Mzigo Mpana Barabarani: Kibali, Eskoti na Saa za Kutembea

Mitambo 365 ya upepo iliyosimama Sarima, katika kaunti ya Marsabit nchini Kenya, ni midogo kuliko mtu angetarajia kwa mradi mkubwa kama ule wa Ziwa Turkana. Kila mmoja hutoa kilowati 850, na yote kwa pamoja megawati 310. Mtambo wa mwisho ulisimikwa Machi 2017, wakati ambapo mitambo ya megawati 2 na 3 ilikuwa imeshazoeleka sokoni. Moja ya sababu za kuchagua midogo ilikuwa njia ya kufika huko. Kutoka bandari ya Mombasa hadi Sarima ni kama kilomita 1,200, na kipande cha mwisho, kilomita 208 kuanzia Laisamis, kilibidi kitengenezwe upya kabla lori la kwanza halijapita. Panga moja la mtambo ule lina urefu wa mita 25 hivi. Kipeto, kule Kajiado, mradi ulioanza kuuza umeme mwaka 2021, ulitumia mitambo 60 yenye mapanga ya karibu mita 50.

Ukisikia mita 25 na mita 50 utadhani tofauti ni mara mbili. Kwenye kona ni mara nne. Kitu kilichonyooka kikipita kwenye njia iliyopinda, ncha zake mbili zikiwa juu ya mstari wa njia, katikati yake huuacha mstari huo na kuingia upande wa ndani. Kwenye kona yenye nusu kipenyo ya mita 100, panga la mita 25 huingia ndani kwa sentimita 78 tu, ambazo bega la barabara linaweza kuzimeza. La mita 50 huingia kwa zaidi ya mita 3. Hapo kibao cha barabarani, mti na nguzo ya umeme vyote vimo ndani ya njia ya mzigo, na anayetoka upande wa pili hana pa kupita. Halafu kuna mkia. Sehemu ya panga inayoning'inia nyuma ya tairi za mwisho hupiga upande wa nje wa kona, mahali ambapo bodaboda amesimama akiamini kwamba hatari yote iko mbele.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo kiini cha suala zima. Mzigo uliozidi vipimo unachukua nafasi ya barabara ambayo kwa kawaida ni ya watu wengine. Kibali kinaamua nafasi hiyo itachukuliwa wapi, gari la kusindikiza linaichukua kwa niaba ya mzigo, na saa za kutembea zinaamua nani atanyang'anywa. Sisi huku tumezoea kuvitazama vitu hivi vitatu kama karatasi, pikapu na marufuku. Kwa maoni yangu cha kwanza tunakifanya vizuri kiasi, cha pili tunakifanya vibaya, na cha tatu tunakifanya kwa mazoea.

Sharti la kwanza la kupewa kibali ni kwamba mzigo haugawanyiki. Transfoma, katapila, boila, panga la mtambo wa upepo, boriti ya daraja: hivi huwezi kuvikata vipande viwili bila kuviharibu au kuingia gharama isiyo na maana. Mbao, saruji na nondo hazina kibali, kwa sababu dawa yake ni lori la pili. Mipaka ya kawaida ya uzito iko katika Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019: uzito wa jumla usizidi tani 56, na ekseli moja yenye tairi nne isizidi tani 10. Ukizidi hapo, au ukizidi upana, urefu na kimo kilichowekwa, unaomba kibali maalumu. Tanzania kwa barabara kuu unakwenda TANROADS, Kenya unakwenda KeNHA. Unapeleka vipimo vya mzigo ukiwa umeshapakiwa, mchoro unaoonyesha kila ekseli na uzito wake, namba za kichwa na tela, njia utakayopita na tarehe.

Maneno "ukiwa umeshapakiwa" yana uzito wake. Mashine yenye kimo cha mita 3.6 haipiti barabarani ikiwa na mita 3.6. Ikipanda juu ya lobedi inakuwa karibu mita 4.5, na ikipanda juu ya tela la kawaida inavuka mita 5. Mwombaji anayenakili vipimo vya kiwandani kwenye fomu ameomba kibali cha mzigo mwingine kabisa.

Tuifuate transfoma moja ya mfano, yenye tani 90, tuone ofisi inahesabu nini. Mzigo kama huu haupakiwi kwenye lobedi ya ekseli tatu. Huwekwa juu ya tela la haidroliki, lile lenye safu nyingi za ekseli, kila safu ikiwa na tairi nane, na mitungi ya mafuta iliyounganishwa chini yake ili safu moja ikiingia shimoni nyingine zisibebeshwe uzito wake. Tuseme lina safu kumi, na lenyewe ni tani 35. Jumla tani 125, kila safu tani 12.5, kila tairi kilo 1,560 hivi. Sasa linganisha na lori halali kabisa la kwenye mizani ya Vigwaza, lenye ekseli ya tani 10 juu ya tairi nne: kila tairi kilo 2,500. Kwa lami, transfoma ya tani 90 inaonea kidogo kuliko lori la mahindi lililokaa ndani ya sheria. Anayepita pembeni akisema "hili dude litaivunja barabara" anatazama mahali pasipo na tatizo.

Tatizo liko kwenye daraja. Lami inahisi tairi moja moja, lakini boriti ya daraja inahisi kila kilichosimama juu yake kwa wakati mmoja. Lori la tani 56 lenye urefu wa mita 22 linaweka tani mbili na nusu hivi kwa kila mita. Tela letu la safu kumi lina kitanda cha kama mita 15, kwa hiyo linaweka tani 8 na zaidi kwa kila mita, na kwenye daraja la mita 15 au 20 mzigo wote unakuwa juu ya boriti zilezile. Ndiyo sababu kibali cha mzigo mzito huja na masharti ambayo kwa dereva yanaonekana kama urasimu: pita katikati ya daraja, pita peke yako, mwendo wa mtu anayetembea, usishike breki, usibadili gia. Kila neno hapo lina kazi. Kupita katikati kunagawa uzito kwa boriti zote badala ya kuzilemea za upande mmoja. Kupita peke yako kunaondoa tani 56 za lori lingine. Mwendo wa pole na kutoshika breki kunaondoa mtikisiko, ambao huongeza nguvu juu ya uzito halisi. Na kama hesabu ya daraja inakataa hata hivyo, ofisi itataka tela refu zaidi, au njia ya kupita bondeni, au njia nyingine kabisa.

Kwa hiyo kibali ni hesabu ya njia, na kinafaa kwa njia ile tu. Dereva aliyekuta foleni Chalinze akaamua kuzungukia barabara nyingine hana kibali tena, hata kama karatasi bado iko kwenye dashibodi.

Kabla ya maombi, kampuni iliyo makini hutuma gari kupita njia yote ikiwa na fimbo ya kupimia na daftari. Wanapima kimo cha kila daraja la juu na cha kila waya. Wanapima kona za vipilefti, na wanahesabu matuta. Matuta watu huyasahau, ilhali lobedi hubeba mzigo tumboni, na tumbo hilo huwa limeachana na lami kwa sentimita chache tu. Ikipanda tuta kubwa la kijijini, tumbo linakaa juu ya tuta na tairi za kichwa zinazunguka hewani. Waya nazo zina tabia yao: huning'inia zaidi wakati wa joto la mchana kuliko asubuhi, hivyo kipimo cha saa moja asubuhi kinaweza kukudanganya saa nane mchana. Waya zinazosumbua zaidi ni zile ndogo za kuingia nyumbani na kwenye vibanda, ambazo huenda zimevutwa wiki iliyopita na haziko kwenye ramani ya mtu yeyote.

Jioni ya tarehe 23 Mei 2013, huko jimbo la Washington nchini Marekani, lori lenye kibali halali lilikuwa likielekea kusini kwenye barabara kuu ya I-5, limebeba kifaa cha mitambo ya kuchimbia. Mbele yake lilitangulia gari la kusindikiza lenye mlingoti wa kupimia kimo. Lori likaingia kwenye daraja la mto Skagit, daraja la fremu za chuma la mwaka 1955, na mzigo ukagonga vyuma vya juu kimoja baada ya kingine. Kipande kizima cha daraja kikaanguka mtoni. Magari mawili yalitumbukia pamoja nacho, watu watatu wakaumia, na kwa bahati hakuna aliyekufa.

Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya nchi ile walikuta mambo ambayo kila moja peke yake lingesameheka. Kimo kilichoandikwa kwenye kibali kilikuwa pungufu ya kimo halisi cha mzigo kwa sentimita tano hivi. Kibali kilitolewa kwa mtandao, na jukumu la kuhakikisha vimo vya njiani lilikuwa la msafirishaji, ambaye hakuwa ameipima njia ile. Vyuma vya juu vya daraja vilikuwa na umbo la upinde: katikati ya barabara vilikuwa juu, zaidi ya mita 5, lakini pembeni vilishuka, na lori lilikuwa upande wa pembeni. Hakukuwa na kibao cha kuonya. Lori lingine lilikuwa likilipita, kwa hiyo hata kuhamia katikati kulikuwa kugumu. Na gari la kusindikiza, ambalo ndilo lililokuwepo kwa ajili ya dakika ile hasa, dereva wake alikuwa akizungumza kwa simu, na lori lilikuwa likimfuata kwa karibu mno. Hata kama mlingoti ungegonga chuma na akapiga kelele redioni, dereva wa lori asingeweza kusimama.

Nimeikumbuka ajali hiyo kila nilipoona msafara wa mzigo mpana kwenye barabara zetu, kwa sababu mambo mawili ya mwisho ndiyo tuliyonayo kwa wingi: eskoti iliyo karibu mno, na eskoti isiyofanya kazi. Kibali cha Skagit kilikuwepo. Saa ilikuwa ya mchana, jua halijazama. Kilichokosekana kilikuwa umbali kati ya magari mawili.

Tuupige hesabu umbali huo kwenye barabara tunayoifahamu. Barabara kuu ya njia mbili ina lami ya mita 7, yaani mita 3.5 kila upande. Basi lina upana wa mita mbili na nusu, bila vioo. Mzigo wenye upana wa mita 5 ukishuka nusu mita kwenye bega la kushoto, unaacha mita 2.5 upande wa kulia, na basi linalokuja lazima lishuke begani na kupunguza mwendo sana. Kwenye daraja dogo lenye kingo hakuna bega. Zinabaki mita 2 na basi halipiti. Kwa hiyo kazi ya gari la mbele ni kuhakikisha basi halifiki darajani kabla mzigo haujatoka, na ili kufanya hivyo lazima lilikute basi likiwa mbali.

Mbali kiasi gani? Mzigo unatembea kilomita 20 kwa saa, yaani karibu mita 6 kwa sekunde. Basi linakuja kwa kilomita 80, mita 22 kwa sekunde. Vinakaribiana kwa mita 28 kila sekunde. Kama eskoti iko mita 50 mbele ya lori, na ndivyo ninavyoiona mara nyingi, basi dereva wa basi akipishana na vimulimuli ana sekunde mbili pungufu kabla hajaufikia mzigo. Sekunde hizo humwishia kabla mguu haujafika kwenye breki, na basi la mwendo ule linahitaji kama mita 100 kusimama. Eskoti ikiwa mita 500 mbele, ana sekunde 18. Anaona vimulimuli, anamwona mtu mwenye bendera nyekundu, anapunguza, anashuka begani, anasimama. Tofauti yote kati ya usalama na ajali imo katika mita hizo 450, na hazigharimu shilingi.

Sasa ongeza daraja la mita 50. Msafara wenye urefu wa mita 60 unahitaji kutembea mita 110 hadi mkia utoke, sekunde 20 hivi. Katika sekunde hizo basi linakwenda mita 440. Kwa hiyo gari la mbele haliwezi kuwa "mbele kidogo". Lazima livuke daraja kwanza, lisimame ng'ambo, lizuie magari, kisha liite redioni: njia nyeupe, ingia. Kwenye kona isiyoonekana mbele ni hivyohivyo, likae baada ya kona na kamwe lisisimame ndani yake. Kwenye tambarare ya wazi linaweza kusogea karibu. Umbali wa eskoti unabadilika kila dakika kulingana na kinachoonekana mbele, na dereva anayeushika mmoja tangu bandarini hadi mpakani hajaelewa kazi aliyopewa.

Gari la nyuma lina kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Nyuma ya mzigo wa kilomita 20 kwa saa foleni hukua haraka: barabara inayopitisha magari 200 kwa saa kila upande inakusanya magari karibu 40 ndani ya robo saa. Wa kwanza katika foleni hiyo huvumilia. Wa kumi na tano haoni kinachoendelea, anachomoka. Eskoti ya nyuma inayokaa imeng'ang'ania mkia wa tela inaziba macho ya watu bila kuwasaidia. Inapaswa kukaa nyuma kiasi cha kuonekana kabla ya kona, na pamoja na dereva wa lori iwe na orodha ya sehemu za kupumzikia njiani, zilizochaguliwa wakati njia ilipopimwa, ambapo msafara unaingia pembeni na foleni inaachiwa yote iishe. Kuachia gari mojamoja kwa kupunga mkono, huku eskoti haioni mbele ya mzigo wa mita 30, ni kumruhusu mtu kwa niaba ya barabara usiyoiona. Lazima anayeona mbele ndiye aruhusu, na aruhusu kwa redio.

Simu ya mkononi haitoshi kwa hili. Mtandao unakatika kwenye mabonde, na simu inahitaji kupigwa na kupokelewa. Redio ya upepo inabonyezwa na wote wanasikia kwa pamoja, akiwemo utingo anayetembea nyuma ya tela na kidhibiti mkononi, akizielekeza tairi za nyuma kwenye kona. Msafara ambao huyo utingo hayumo kwenye mawasiliano ni msafara ambao nusu yake haina masikio.

Swali linalofuata ni nani awe eskoti. Kwetu mizigo mikubwa zaidi husindikizwa na polisi, na iliyobaki na magari ya kampuni yenyewe. Polisi ana kitu kimoja ambacho dereva wa pikapu hana, nacho ni mamlaka ya kusimamisha magari. Dereva wa pikapu anaomba tu, na basi lililochelewa halisikii maombi. Lakini askari wa trafiki aliyepangiwa zamu leo hajaona mchoro wa njia, na huenda atabadilishwa kwenye mpaka wa mkoa. Ujerumani walipoona polisi wanamalizika kwenye kazi hii, waliweka kundi la magari binafsi ya kusindikiza yenye ubao wa alama zinazobadilika juu ya paa, ambazo kwenye baadhi ya njia huwafunga madereva wengine kisheria kama alama za barabarani za kawaida. Ni mfano unaofaa kuigwa hapa. Mafunzo mafupi, cheti, vifaa vilivyokaguliwa, na kifungu kinachompa mwenye cheti mamlaka ya kuzuia magari kwa dakika chache darajani. Pikapu yenye kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni haimpi mtu mamlaka yoyote.

Tukija kwenye saa, kanuni yetu inajulikana: mzigo usio wa kawaida hutembea mchana, usiku unalala. Ina msingi. Barabara kuu zetu hazina taa nje ya miji. Watu, baiskeli na ng'ombe wako begani. Malori mabovu huachwa njiani na matawi ya miti kama onyo. Katika mazingira hayo mzigo wa mita 5 usiku ni ukuta mweusi unaotembea. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mchana wetu haupungui sana majira yoyote, hivyo kanuni ni rahisi kuikumbuka na kuisimamia.

Ujerumani kanuni ni kinyume. Mizigo mikubwa kwenye barabara zao kuu kwa kawaida hutembea kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, kwa sababu mchana barabara zimejaa na usiku ziko tupu, zina alama zinazong'aa na hakuna anayetembea kwa miguu. Kila nchi imechagua saa ambazo mzigo unawakuta watu wachache zaidi kwa namna ambayo wataweza kuuona. Wakitofautiana ni kwa sababu barabara zao zinatofautiana, na ndani ya nchi moja barabara zinatofautiana vilevile. Kipande cha kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi nje ya jiji kina taa za barabarani na foleni ya mchana. Kipande cha hifadhi ya Mikumi hakina taa na kina wanyama. Kuvipa saa zilezile kunamaanisha kwamba mzigo unaoondoka bandarini jua linapochomoza unaingia barabarani pamoja na daladala za asubuhi zote. Kwa kipande cha mjini, saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri, chini ya taa na polisi wakiwa wamefunga vipilefti, ni saa bora mara nyingi. Mzigo ungefika nje ya jiji alfajiri, ukangoja jua kwenye yadi, kisha ukaendelea.

Hoja ya usiku kwa safari ndefu, kwa upande mwingine, imedhoofika. Zamani mtu angeweza kusema kwamba usiku mabasi ya abiria hayapo. Tangu 2023 Tanzania iliporuhusu tena mabasi kutembea usiku, hoja hiyo haipo.

Lakini kosa kubwa la kanuni ya mchana liko mwisho wa siku. Kibali kinasema mzigo usitembee baada ya jua kuzama. Hakisemi jua likizama mzigo uwe wapi. Hapo ndipo unapokuta dereva aliyepiga hesabu vibaya: saa 12 imemkuta katikati ya vijiji viwili, akaogopa faini, akasimama palepale. Mzigo wa mita 5 sasa umesimama kwenye bega la mita moja na nusu, mita tatu na nusu zake ziko juu ya lami, giza linaingia, na eskoti zimekwenda kutafuta chakula. Ametii saa, ametengeneza hatari kubwa kuliko kama angetembea nusu saa zaidi. Unaweza kumtambua mapema dereva wa namna hii, kwa sababu akiulizwa saa 8 mchana atalala wapi, hujibu kwa kutaja mkoa badala ya yadi.

Tiba yake ni kuhesabu kutoka nyuma. Kama yadi ya kulala iko kilomita 30 mbele na mwendo ni kilomita 20 kwa saa, safari ni saa moja na nusu. Ukiweka nusu saa ya dharura, kwa foleni, tairi au kona ngumu, mzigo hauruhusiwi kuondoka kituo cha nyuma baada ya saa 10 jioni. Ukifika kituo hicho saa 10 na robo, unalala hapo, hata kama jua bado linawaka. Kwa hiyo saa muhimu kwenye kibali siyo saa ya jua kuzama. Ni saa ya mwisho ya kuondoka kila kituo, na vituo ni lazima viandikwe kwa majina, viwe na nafasi ya kuingia mzigo wote nje ya lami.

Kibali cha namna hiyo kingekuwa kirefu kuliko karatasi moja, na kingetofautiana kipande kwa kipande. Chukua mlima Kitonga, kwenye barabara ya kwenda Mbeya, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Kona zake zinapinda juu ya ukingo wa bonde, malori yanapanda kwa gia ya kwanza, na yanayoshuka breki zimechemka. Mzigo wenye mapana ya mita 5 hauwezi kupishana na kitu pale. Kwa kipande hicho kibali kingesema: mzigo ulale Ruaha Mbuyuni, uanze kupanda kukipambazuka, kabla malori yaliyolala juu hayajaanza kushuka. Gari moja la polisi litangulie hadi juu na kuzuia wanaoshuka pale penye nafasi ya kusimama, lingine lizuie chini, na eskoti ya kampuni itembee kona moja mbele ya mzigo. Kukiwa na mvua au ukungu, usiondoke. Mzigo ukikwama njiani, utingo ateremke na vigingi vya tairi kabla ya jambo lingine lolote, na gari la juu lisiachie hata pikipiki moja hadi lisikie kwenye redio kwamba mkia wa tela umevuka kona ya mwisho.